Mguu Usiotii: Barua ya Wazi kwa Madaktari na Matabibu wa Kliniki za Wagonjwa wa Nje



Majibu ya MRI yanaporudi yakiwa safi, watu wawili waliokaa chumba kimoja huyasikia kila mmoja kivyake. Daktari anashusha pumzi: hakuna uvimbe, hakuna TB ya mifupa, hakuna kiharusi. Mgonjwa anautazama mguu wake, ambao bado haunyanyuki, na anaanza kujiuliza kama ameonekana mwongo. Barua hii inahusu dakika chache zinazofuata hapo. Ndizo zinazoamua kama mgonjwa atarudi kliniki wiki ijayo, au atauza kitu kingine cha nyumbani akatafute kipimo kingine kwingine.

Mgonjwa atakayefuatwa humu ni wa mfano. Ameundwa kwa vipande vya historia ambavyo mtu yeyote aliyekaa OPD miezi michache amekwisha kukutana navyo. Ni mama wa miaka 34, fundi cherehani, mwenye mashine ya kukanyaga kwa miguu. Aliangushwa na bodaboda akitoka kununua vitambaa. Goti la kulia likavimba, eksirei ikaonyesha mifupa mizima, akaambiwa apumzike. Akalala ndani zaidi ya wiki, mguu umewekwa juu ya mto, watoto wakimletea kila kitu kitandani. Asubuhi aliyoamua kwenda bafuni mwenyewe, mguu ukawa mzito kama gogo, una ganzi kuanzia pajani hadi vidoleni, "kama si wangu." Tangu siku hiyo anauburuza.

Zahanati ilimpa sindano ya diklofenaki na vidonge vya vitamini B. Kituo cha afya kikamkuta na taifodi na UTI, maradhi mawili ambayo siku hizi ni nadra mtu kutoka maabara bila kuandikiwa angalau moja. Dawa zikaisha, mguu uko vilevile. Hospitali ya tatu ikamtuma mjini kupiga MRI, na kwa ajili hiyo mashine yake ya pili ikauzwa. Majibu yalipotoka, alisomewa kwa upole kabisa: "Mama, huna ugonjwa wowote. Ni mawazo tu, jaribu kuyapunguza." Akashukuru, akatoka akiburuza mguu. Mumewe, aliyekuwa akisubiri kwenye benchi, akasema alichokuwa akikifikiria tangu mwanzo: kama hospitali haikioni, basi hicho si cha hospitali.

Daktari yule hakuwa mkatili. Alidhani anatoa habari njema. Lakini ndani ya sentensi zake mbili mgonjwa alikuta tuhuma, kwa sababu mtu anayeambiwa hana ugonjwa huku hawezi kutembea anabaki na maelezo mawili tu: ama anajifanya, ama akili yake imeharibika.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2002 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Jon Stone na wenzake wa Edinburgh, Uskoti. Wagonjwa 86 waliokuja kliniki ya mishipa ya fahamu waliombwa wajifikirie wana mguu dhaifu, vipimo vimetoka safi, na daktari anawapa jina la tatizo lao. Kwa kila jina waliulizwa kama wangeona wanaambiwa wanajifanya, wana wazimu au wanajitungia. Kisha watafiti wakakokotoa ni wagonjwa wangapi waambiwe jina hilo ndipo mmoja wao achukizwe. Kwa maneno "yote yamo kichwani mwako" walitosha wawili. Kwa "udhaifu usioelezeka kitabibu" walitosha watatu. Kwa "udhaifu wa utendaji", yaani mfumo mzima haufanyi kazi ipasavyo ingawa haujaharibika, walihitajika tisa. Kwa kiharusi, ugonjwa ambao hakuna anayeudharau, walihitajika 12.

Matokeo hayo yanauma kwa upande mmoja usiotarajiwa. "Usioelezeka kitabibu" ndilo jina ambalo madaktari waungwana hulikimbilia ili wasimwite mtu mwongo. Kumbe linachukiza karibu sawa na lile la kichwani. Mgonjwa anasikia kwamba mtaalamu hajui na amechoka kutafuta. Tena si kweli kwamba tatizo halielezeki: kwa mguu kama wa fundi huyu yapo maelezo, na yanaanza na mikono ya daktari, si na mashine.

Mwaka 1908 Charles Franklin Hoover, daktari wa Cleveland, Marekani, alieleza dalili inayobeba jina lake mpaka leo. Haihitaji umeme wala fedha. Mgonjwa analala chali kitandani. Daktari anaweka kiganja chini ya kisigino cha mguu mgonjwa na kumwomba akandamize kisigino chini kwa nguvu zake zote. Kwa fundi wetu nguvu ni kidogo mno, kisigino kinagusa tu. Kisha daktari anaacha kiganja palepale, anaweka mkono wa pili juu ya paja la mguu mzima, na kumwomba ainue huo mguu mzima dhidi ya mkono huo, mawazo yake yote yakiwa huko. Mtu anayeinua mguu mmoja hukandamiza mwingine chini bila kujua, maana mwili unatafuta egemeo. Ikiwa njia kutoka ubongoni hadi kwenye misuli ya nyonga imekatika, kama kwenye kiharusi kikubwa au jeraha la uti wa mgongo, kisigino kile hakitakandamiza, mtu ajitahidi asijitahidi. Kwa fundi wetu kinakandamiza, na kiganja cha daktari kinabanwa sawasawa.

Maana yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Nguvu zipo na njia iko wazi; kinachokwama ni mwendo unaoamriwa kwa makusudi, na mwendo unaokuja wenyewe unapita. Kwa hiyo utambuzi huu unasimama juu ya dalili iliyopatikana, na hauhitaji kusubiri kila kipimo kitoke kitupu. Daktari anayeanza hivi tangu siku ya kwanza, kabla ya kutuma picha, atakuwa na la kusema picha itakaporudi safi. Anaweza hata kutangulia kusema: "Nadhani najua hili ni nini. Naomba kipimo hiki kuhakikisha hakuna kingine pembeni, na natarajia kitoke salama." Mgonjwa aliyetayarishwa hivyo haoni majibu safi kama mlango uliofungwa usoni.

Hapa wengi wenu mtauliza swali la haki: je, tukikosea? Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1965 Eliot Slater, daktari wa akili jijini London, alifuatilia wagonjwa walioitwa wa histeria hospitalini Queen Square na kukuta wengi wamepatikana na magonjwa mengine baadaye. Kwa miongo kadhaa makala yake ilikuwa onyo la kutosha kumfanya daktari aogope kuandika utambuzi huo. Mwaka 2005 Stone na wenzake walikusanya tafiti za namna hiyo na kuona kwamba kiwango cha makosa kilikuwa asilimia 29 katika tafiti za miaka ya 1950, kikashuka hadi asilimia 4 tangu miaka ya 1970. Walieleza kwamba sababu yake yaelekea zaidi ni ubora wa tafiti zenyewe kuliko ujio wa picha za CT. Asilimia 4 si sifuri. Lakini haizidi makosa yanayofanyika kwenye magonjwa mengine mengi ya mishipa ya fahamu ambayo hakuna anayeogopa kuyataja.

Hata hivyo Afrika Mashariki si Edinburgh. Mguu dhaifu hapa unaweza kuwa TB iliyokula pingili za uti wa mgongo, kichocho kilichofika kwenye uti wenyewe, Virusi vya Ukimwi, upungufu wa vitamini B12, au konzo, ule ulemavu wa ghafla wa miguu yote miwili unaowapata walao muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, ambao umewahi kuonekana Mara na Mtwara. Kwa hiyo kabla ya Hoover, na baada yake, uchunguzi wa kawaida unafanyika wote. Mkojo unatoka? Mgonjwa aliyeanza kushindwa kukojoa ni wa dharura, mjadala umekwisha. Je, kuna mstari mwilini ambao chini yake hisia imepotea pande zote mbili? Uti wa mgongo unauma ukigongwa, kuna homa za jioni, amekonda? Goti likigongwa kwa nyundo linaruka kupita kiasi upande mmoja, na unyayo ukikwaruzwa kidole gumba kinanyanyuka juu? Lolote kati ya haya likipatikana, hata kama dalili ya Hoover ipo, safari ya kutafuta ugonjwa mwingine inaendelea. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Mwenye kifafa cha kweli anaweza kupata pia vipindi vinavyofanana na kifafa, na mwenye uti ulioumia anaweza kupata udhaifu unaozidi jeraha lake.

Dalili ya Hoover nayo ina mitego. Nyonga ikiuma sana mtu hatakandamiza akiagizwa, kwa sababu ya maumivu, na dalili itaonekana ipo kumbe ni maumivu tu. Mwenye kiharusi kinachomfanya asiutambue upande mmoja wa mwili anaweza kuionyesha vilevile. Fundi wetu hana maumivu ya nyonga, magoti yake yanaruka sawa, vidole gumba vinaelekea chini, mkojo hauna shida. Ganzi yake inaishia kwenye mkunjo wa paja kama soksi ndefu, mpaka ambao haufuati ramani ya mshipa wowote wa fahamu. Hilo la mwisho linasaidia kidogo tu. Peke yake halitoshi kusimamisha utambuzi.

Sasa tufike kwenye jambo lililosababisha barua hii. Kwa miaka mingi dalili ya Hoover ilitumika kama mtego wa polisi. Daktari aliifanya, akaona kisigino kinakandamiza, akawakonyeza wanafunzi waliozunguka kitanda, akaandika kwenye faili kitu ambacho mgonjwa hakuambiwa. Stone na mwenzake Mark Edwards waliandika mwaka 2012 wakipendekeza kinyume chake: mgonjwa aonyeshwe. Fundi wetu anaombwa aweke mkono wake mwenyewe chini ya paja lake la kulia, karibu na kitako. Anajaribu kukandamiza, anahisi misuli imelegea. Anainua mguu wa kushoto, na chini ya kiganja chake misuli ya kulia inakakamaa. Wengi huomba kurudia. Hakuna karatasi ya maabara inayoweza kumwonyesha mtu kwa mkono wake kwamba mguu aliodhani umekufa uko hai.

Namna ya kulisema ndiyo kila kitu. Daktari akisema "unaona, kumbe unaweza!" ameshapoteza. Akisema yafuatayo, au kitu cha aina hiyo, ana nafasi:

"Mama, mguu wako ni dhaifu kweli, nimeupima na nimeuona. Hujifanyi, na huna wazimu. Tatizo hili lina jina, ni udhaifu wa utendaji wa mishipa ya fahamu, na tunaliona mara kwa mara. Wewe ni fundi, utanielewa. Umewahi kupata cherehani inayoruka mishono, ukaifungua, ukakuta hakuna kilichovunjika, ila sindano ikishuka, kile cha chini kinachonasa uzi kimeshapita? Ukipiga picha kila chuma utakuta ni kizima. Lakini kushona haishoni. Mguu wako uko hivyo. Ubongo ni mzima, mshipa ni mzima, msuli ni mzima; amri ya kutembea ndiyo inafika vibaya. Ndiyo maana picha haikuona kitu, na ndiyo maana nina matumaini, kwa sababu kilichopishana kinaweza kurudishwa."

Angalieni yaliyomo na yasiyomo. Kumwamini kumekuja kwanza, kabla ya maelezo. Jina limetajwa. Sababu ya kusema hivyo imetolewa kutoka mwilini mwake. Picha safi imepewa maana. Na hakuna mahali msongo wa mawazo umetajwa. Si kwamba hauwezi kuwapo. Ila ukitangulia mbele ya yote, mgonjwa hasikii kingine.

Mwaka 2013 kitabu cha Marekani cha uainishaji wa magonjwa ya akili, toleo la tano, kiliondoa sharti kwamba lazima pawepo tukio la msongo kabla ya kutambua hali hii. Yalikuwa mabadiliko ya maana, kwa sababu sharti lile liliwafanya madaktari wawe wapelelezi: ndoa ikoje, nani alikutenda, umeficha nini? Wapo wagonjwa wenye majeraha makubwa ya maisha, na kuyauliza kwa staha ni sehemu ya kazi. Wapo pia ambao hawana, na kuwakaba watoe siri wasiyokuwa nayo ni kuwaonea. Daktari aliyekwisha kujenga imani atayasikia hayo kwenye ziara ya pili au ya tatu, mara nyingi bila kuuliza.

Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni kupanga historia kwa maswali matatu: kipi kilimwandaa, kipi kilianzisha, na kipi kinaendeleza. Kwa fundi wetu kilichomwandaa hakikuwa ndoa wala majini. Miaka miwili kabla ya ajali alimuuguza mama yake mzazi aliyepooza upande wa kulia kwa kiharusi. Alimgeuza kitandani, alimwogesha, alimwona akiburuza mguu uleule. Picha ya mguu unaokufa ilikwisha kukaa ndani yake. Hajaitaja hadi leo kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Kilichoanzisha ni ajali, na hapa inafaa kuuliza siku yenyewe ilivyokwenda, hatua kwa hatua. Akiulizwa atasema kwamba asubuhi ile ya bafuni alisimama akasikia kizunguzungu, moyo ukaenda mbio, vidole vikawasha, jasho likamtoka, akadhani anakufa, na hapohapo mguu ukalegea. Hiyo ni hofu ya ghafla, na inatokea sana mwanzoni mwa tatizo hili, lakini wagonjwa hawaitaji wenyewe kwa kuwa mguu ndio uliowatisha zaidi. Jeraha dogo lenye maumivu, kulala sana, na hofu kali ndani ya siku hizo chache vinatosha kuufanya ubongo uanze kuutendea mguu kama uliovunjika.

Kinachoendeleza ndicho chenye thamani kubwa kwa matibabu, kwa sababu ndicho kinachoweza kubadilishwa leo. Fundi anautazama mguu kila hatua, na mwendo unaotazamwa hukwama, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kufikiria miguu yake akishuka ngazi. Anaamini kutembea kutazidisha madhara. Watoto wanamfanyia kila kitu. Kila hospitali imempa dawa mpya, na kila dawa ilimwambia kimya kimya kwamba kuna ugonjwa ambao bado haujapatikana. Mashine ya pili imeuzwa, deni la nyumba linangoja, halali usiku. Mnaona kwamba msongo umeingia hatimaye, ila umeingia mahali pake, kama matokeo na kuni za moto huu. Mgonjwa hukubali kirahisi kwamba kukosa usingizi na deni vinamchelewesha kupona. Ni huyohuyo ambaye angekataa kwa machozi kwamba mawazo ndiyo yamemlaza.

Mwaka 1999 Peter Salmon na wenzake nchini Uingereza walichapisha kwenye BMJ utafiti uliotokana na mazungumzo na wagonjwa wa aina hii kuhusu maelezo waliyopewa na madaktari. Waliyagawa makundi matatu. Kuna maelezo yanayokataa, kama yale ya "huna ugonjwa." Kuna yanayokubaliana na chochote mgonjwa anachosema, na hapa kwetu kundi hili lina sura ya dripu, sindano za vitamini na taifodi isiyoisha. Na kuna yanayompa mgonjwa uwezo: yanaeleza utaratibu unaoshikika, hayamlaumu, na yanamwachia kitu cha kufanya. Kundi la pili linastahili kuogopwa kuliko la kwanza. Daktari anayekataa humkasirisha mgonjwa, naye huenda kwingine. Anayekubali kila kitu humfurahisha, humweka, na humlemaza taratibu huku akimtoza fedha.

Kipo kipimo rahisi cha kujua kama maelezo yameingia. Kabla mgonjwa hajatoka, aulizwe: "Ukifika nyumbani, baba watoto akikuuliza daktari amesema nini, utamjibuje?" Akijibu "amesema sina kitu" au "amesema ni mawazo", kazi haijaanza. Akisema "amesema mguu mzima, ila amri haifiki vizuri, na amenionyesha", dakika zile hazikupotea. Afadhali zaidi mume aitwe ndani aonyeshwe kisigino mwenyewe.

Huyu mume ana nadharia yake, nayo haitaondoka kwa kubezwa. Mtu akisema mkewe ametupiwa kitu, hakuna haja ya mashindano ya imani kwenye chumba cha daktari. Kinachohitajika ni kujua mipango: wanakwenda wapi, wanalipa nini, wanapewa nini cha kunywa. Sala, dua na kisomo havizuii mtu kufanya mazoezi, na kuwaambia hivyo kunawabakiza kliniki. Kuchanjwa, kufungiwa, kufushwa moshi, au kuambiwa asikanyage chini kwa siku saba ni mambo ya kukataa waziwazi, na sababu itolewe: mguu huu unahitaji kutumika.

Unatumikaje? Mwaka 2015 wataalamu wa fiziotherapia wakiongozwa na Glenn Nielsen walichapisha mapendekezo yanayopingana na mazoea ya vyumba vingi vya mazoezi. "Kaza paja, inua, hesabu kumi" hayamfai mgonjwa huyu, kwa kuwa yanapeleka macho na mawazo yake yote kwenye mguu uleule unaokwama ukitazamwa. Mazoezi yake yanatafuta mwendo unaokuja wenyewe. Anahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine akiwa amesimama. Anatembea kinyumenyume, au kwa kuteleza unyayo bila kuunyanyua, au kwa kufuata mdundo. Fundi wetu ana bahati ya kuwa na kifaa cha tiba nyumbani: anakaa kwenye cherehani, macho kwenye kitambaa, anazungumza na jirani, na miguu yote miwili inakanyaga. Siku ya kwanza mguu wa kushoto utabeba kazi kubwa. Ni jambo la kumwangalia akiwa hospitalini kama kuna mashine karibu, kwa sababu mguu ukikanyaga pale huo nao ni ushahidi wa kumwonyesha. Magongo, kama yanaepukika, yaepukwe. Yakishazoeleka yanafundisha mwili mwendo mpya usiofaa. Usingizi, maumivu ya goti, na sonona ikiwapo vinatibiwa kama vilivyo, kila kimoja kwa jina lake.

Ahadi zisivuke ukweli. Kundi la Edinburgh lilifuatilia wagonjwa wenye udhaifu wa viungo kwa wastani wa miaka 14 na kukuta takriban mmoja kati ya watano ndiye aliyepona kabisa. Wengine wengi walipata nafuu ya viwango mbalimbali, na wengine walibaki walivyo au wakazidi. Wengi wao waliugua kabla ya matibabu ya sasa kuenea. Lakini hata jaribio kubwa la fiziotherapia maalumu lililofanyika Uingereza na Uskoti na kuchapishwa mwaka 2024 halikuonyesha tofauti katika kipimo chake kikuu cha uwezo wa mwili baada ya mwaka, ingawa waliopata tiba hiyo walisema zaidi kwamba wamepata nafuu. Basi mgonjwa aambiwe kwamba inawezekana kupona, kwamba wengine huchukua muda mrefu, na kwamba kurudi nyuma baada ya homa au msiba hakumaanishi kuna ugonjwa uliofichika.

Ombi kwenu ni dogo na linahusu kalamu. Rufaa ya fundi huyu kwenda fiziotherapia isiandikwe "MRI safi, hakuna ugonjwa, ushauri nasaha." Iandikwe hivi: udhaifu wa utendaji wa mguu wa kulia baada ya ajali, dalili ya Hoover ipo na mgonjwa ameonyeshwa, magoti yanaruka sawa, mkojo hauna shida, pingili haziumi, alimuuguza mama mwenye kiharusi, hofu ya ghafla siku ya kwanza, anautazama mguu anapotembea, anaelewa maelezo na mumewe alikuwapo, naomba mazoezi ya mwendo usiotazamwa, ikiwezekana kwenye cherehani. Chini yake iwekwe tarehe ya kurudi kwa daktari yuleyule baada ya wiki tatu au nne, na mambo yatakayomleta kabla ya hapo: mkojo kuziba, mguu wa pili kulegea, homa, au mgongo kuanza kuuma usiku. Siku hiyo ya kurudi nyundo inatoka tena kwenye droo, magoti yanagongwa upya, na mgonjwa anaambiwa kilichoonekana.